Uamuzi wa kushtaki (Tanzania)

Uamuzi wa kushtaki ni hatua ambayo mwendesha mashtaka husoma jalada la upelelezi na kuamua kama mtuhumiwa afikishwe mahakamani, ashtakiwe kwa kosa gani, na kama shtaka lililokwisha kufunguliwa liendelee, lipunguzwe au liondolewe. Katika Tanzania Bara mamlaka hayo yako chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye kwa kawaida huitwa DPP, na hutekelezwa kila siku na mawakili wa serikali na waendesha mashtaka wengine walio chini yake. Zanzibar ina Mkurugenzi wa Mashtaka wake na sheria zake.

Uamuzi huo ni tofauti na hukumu. Hakimu husikiliza pande mbili na kuamua kama kosa limethibitishwa. Mwendesha mashtaka huamua mapema zaidi, akiwa na karatasi tu mbele yake, kama kuna sababu ya kumwita hakimu asikilize. Akikosea kwa kushtaki, mtu asiye na hatia anaweza kukaa mahabusu kwa miezi mingi. Akikosea kwa kutoshtaki, aliyedhulumiwa hubaki bila kusikilizwa.

Msingi wa kisheria

Mamlaka ya Mkurugenzi wa Mashtaka yametajwa katika Ibara ya 59B ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Ibara hiyo inampa uwezo wa kufungua, kuendesha na kusimamia mashtaka yote nchini. Inasema pia kwamba katika kazi hiyo atakuwa huru na hataingiliwa na mtu au mamlaka yoyote, ila atazingatia mambo matatu: nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma.

Taratibu zenyewe zimo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Namba za vifungu vya sheria zinazotajwa katika makala hii ni zile zilizotumika kwa miaka mingi kabla ya sheria za nchi kupangwa upya katika toleo la 2023. Katika toleo hilo baadhi ya namba zimebadilika. Sheria ya Huduma za Mashtaka ya mwaka 2008 iliweka mfumo wa utumishi wa waendesha mashtaka na kuwapa jukumu la kuratibu upelelezi. Zamani kesi nyingi katika mahakama za chini ziliendeshwa na polisi wenyewe, yaani chombo kilekile kilichopeleleza ndicho kilichoshtaki. Kazi hiyo ilihamishiwa hatua kwa hatua kwa mawakili wa serikali, ili anayeamua kushtaki asiwe yule aliyekamata. Mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ilianzishwa kama ofisi inayojitegemea, nje ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Maswali mawili

Mwendesha mashtaka anapofungua jalada hujiuliza maswali mawili, moja baada ya lingine. Mpangilio huu unafanana katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza.

Swali la kwanza ni la ushahidi: je, ushahidi uliomo katika jalada, ukitolewa mahakamani na kuhojiwa na upande wa utetezi, unaweza kuthibitisha kila kipengele cha kosa? Neno muhimu hapa ni kila kipengele. Kosa la jinai ni kama mnyororo. Ukikosekana pingili mmoja, hauvuti kitu hata kama pingili nyingine ni imara. Kwa mfano, unyang'anyi wa kutumia silaha chini ya kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu unahitaji kuthibitishwa kwamba mali iliibwa, kwamba mwizi alikuwa na silaha au kifaa, kwamba alitumia nguvu au vitisho wakati wa wizi au mara tu kabla au baada yake, na kwamba aliyefanya hivyo ni mshtakiwa huyu na si mtu mwingine. Kipengele cha mwisho ndicho kinachoangusha kesi nyingi.

Swali hili halijibiwi kwa kuhesabu mashahidi. Kifungu cha 143 cha Sheria ya Ushahidi kinasema hakuna idadi maalumu ya mashahidi inayotakiwa kuthibitisha jambo. Shahidi mmoja wa kuaminika anatosha. Kumi waliosikia habari kwa jirani hawatoshi. Pia halijibiwi kwa hisia za mpelelezi kwamba amempata mhusika. Kinachopimwa ni kile kinachoweza kupokelewa mahakamani.

Swali la pili ni la maslahi ya umma, na huulizwa tu baada ya la kwanza kujibiwa ndiyo. Ushahidi unaweza kutosha kabisa, na bado isiwe busara kushtaki: labda mtuhumiwa ni mzee mgonjwa sana na kosa ni dogo, au hasara imelipwa na pande zote zimeridhika katika jambo lisilohusu usalama wa wengine. Mpangilio huu hauwezi kugeuzwa. Uzito wa kosa, hasira ya watu mtaani au habari magazetini haviwezi kuziba pengo la ushahidi. Kesi ya mauaji isiyo na ushahidi haina nafasi mahakamani sawa na kesi ya kuku isiyo na ushahidi.

Njia zilizo wazi

Baada ya kusoma jalada, mwendesha mashtaka ana njia nne.

Ya kwanza ni kushtaki kama polisi walivyopendekeza. Ya pili ni kulirudisha jalada kwa mpelelezi pamoja na maelekezo ya maandishi ya mambo yanayotakiwa kukamilishwa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliipa njia hii uzito zaidi, kwa kuweka kanuni kwamba shtaka lisifunguliwe katika mahakama za chini kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa.

Ya tatu ni kushtaki kwa kosa dogo kuliko lililopendekezwa, au kubadilisha hati ya mashtaka iliyokwisha kufunguliwa. Kifungu cha 234 cha Sura ya 20 kinaruhusu hati kubadilishwa kesi ikiwa inaendelea. Hati ikibadilishwa, mshtakiwa husomewa shtaka upya na kuulizwa tena kama anakiri au anakana, na anaweza kuomba mashahidi waliokwisha kutoa ushahidi waitwe tena.

Ya nne ni kutoshtaki kabisa au kuliondoa shtaka. Hapa kuna milango miwili. Chini ya kifungu cha 91, Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuiarifu mahakama, wakati wowote kabla ya hukumu, kwamba Jamhuri haiendelei na kesi. Chini ya kifungu cha 98, mwendesha mashtaka katika mahakama ya chini anaweza kuondoa shtaka kwa idhini ya mahakama au kwa maelekezo ya Mkurugenzi.

Wakati wa kuondoa una maana kubwa. Shtaka likiondolewa chini ya kifungu cha 98 kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, huachiliwa tu, na anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lilelile. Likiondolewa baada ya kuitwa kujitetea, mahakama humwachia huru, na hawezi kushtakiwa tena kwa kosa hilo. Katika Kiswahili cha mahakamani wanafunzi huchanganya mara nyingi maneno haya: kuachiliwa huacha mlango wazi, kuachiwa huru huufunga.

Mfano wa jalada

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini matatizo yake ni ya kawaida katika majalada ya unyang'anyi.

Mama mmoja anayeuza chipsi alikuwa akirudi nyumbani saa 3 usiku. Kwenye kichochoro kisicho na taa walimtokea vijana wawili. Mmoja alimwonyesha panga, mwingine akamnyang'anya simu na shilingi 85,000 za mauzo, kisha wakakimbia. Tukio lilichukua kama dakika moja. Mama alikwenda kituo cha polisi usiku uleule. Katika maelezo yake ya kwanza alisema hakuwatambua, ila mmoja alikuwa mrefu na amevaa kofia.

Siku 9 baadaye simu iliwashwa kwa laini nyingine. Kwa kutumia namba ya IMEI, polisi waliifuatilia hadi kwa kijana mwenye kibanda cha kuchaji simu karibu na stendi. Walimkuta nayo mfukoni. Alisema aliinunua kwa shilingi 40,000 kutoka kwa dereva wa bodaboda, akamtaja. Dereva naye akakamatwa. Hakukutwa na kitu, na alikana kumuuzia simu.

Wote wawili walishtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Miezi mitatu baadaye jalada lilifika mezani kwa wakili wa serikali ili aliandae kwa ajili ya kuanza kusikilizwa. Ndani yake mlikuwa na vitu vinne vilivyoonekana kuwa na nguvu: utambuzi wa mama kwenye gwaride, maelezo ya onyo ya mwenye kibanda yaliyosema alishiriki unyang'anyi pamoja na dereva, simu yenyewe, na hati ya ukamataji wa simu. Wakili alivipima kimoja kimoja.

Utambuzi. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, uliochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1980, mahakama za Tanzania huuchukulia utambuzi wa kuona kwa macho kuwa ushahidi dhaifu kuliko aina zote, na hautegemewi mpaka uwezekano wa kukosea umeondolewa. Huulizwa: shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, kulikuwa na mwanga gani, na alimfahamu kabla au la. Katika jalada hili muda ulikuwa dakika moja, kichochoro kilikuwa giza, na watu wale walikuwa wageni kwa mama. Zaidi ya hayo, alikwisha kusema usiku uleule kwamba hakuwatambua. Gwaride halikusaidia, kwa sababu kumbukumbu za kituo zilionyesha kwamba mama aliitwa kuitambua simu siku mbili kabla ya gwaride, na siku hiyo mwenye kibanda alikuwa ameketi kaunta akiwa na pingu. Alipomnyooshea kidole kwenye gwaride, huenda alimkumbuka mtu wa kaunta, si mtu wa kichochoroni. Mama hakudanganya, alisaidiwa vibaya.

Maelezo ya onyo. Sheria inampa polisi saa 4 za msingi za kumhoji mtu aliyewekwa chini ya ulinzi, isipokuwa muda uongezwe kwa utaratibu uliowekwa. Kitabu cha mahabusu kilionyesha kijana alifikishwa kituoni saa 4 asubuhi. Maelezo yalianza kuandikwa saa 11 jioni, yaani baada ya saa 7, na hapakuwa na maombi ya kuongeza muda. Maelezo ya namna hiyo hupingwa na utetezi, na mara nyingi huondolewa kwenye ushahidi. Hata yakipokelewa, hayatoshi kumtia dereva hatiani: kifungu cha 33 cha Sheria ya Ushahidi kinakataza mtu kutiwa hatiani kwa msingi wa ungamo la mshtakiwa mwenzake peke yake.

Simu. Hapa wakili alikuta ushahidi ulio imara, lakini haujakamilika. Kanuni ya kukutwa na mali iliyoibwa karibuni huiruhusu mahakama kudhani kwamba aliyekutwa na mali ndiye mwizi, kama mambo manne yamethibitishwa: mali ilikutwa kwake, ni mali ya mlalamikaji bila shaka, iliibwa karibuni, na ndiyo iliyotajwa katika shtaka. Jalada halikuwa na boksi wala risiti ya simu. Simu za aina moja ni nyingi, na mama kusema naijua kwa ufa wa kioo hakutoshi.

Hati ya ukamataji. Ilikuwa na saini ya polisi na ya kijana, lakini palipotakiwa saini ya shahidi wa kujitegemea palikuwa wazi.

Kurudisha jalada

Wakili hakufuta kesi siku hiyo. Alirudisha jalada akiwa na maelekezo manne: litafutwe boksi la simu lenye namba ya IMEI, achukuliwe maelezo yeyote aliyeshuhudia upekuzi kibandani, ipatikane orodha ya mawasiliano kati ya simu za watuhumiwa wawili, na mpelelezi aandike maelezo ya ziada kuhusu mwanga wa eneo la tukio na mtu wa kwanza aliyeambiwa na mama habari za tukio. Alitoa siku 14.

Maelekezo yanayofaa huwa ya namna hiyo: yanataja kitu kinachoweza kupatikana au kukosekana. Jalada lililorudishwa kwa maneno ya jumla, kama vile kamilisha upelelezi, hurudi baada ya mwezi likiwa vilevile, na wakati huo watu wako gerezani.

Baada ya siku 14 majibu yalikuja. Boksi lilipatikana nyumbani kwa mama, na namba ya IMEI ililingana na ya simu. Muuza duka wa jirani alieleza kwamba aliitwa na polisi, akaona simu ikitolewa mfukoni mwa kijana, lakini hakuombwa kusaini. Orodha ya mawasiliano ilionyesha watuhumiwa wawili walipigiana simu mara mbili siku iliyofuata unyang'anyi, na hawakuwa wamewasiliana kabla ya hapo. Kuhusu mwanga hapakuwa na jipya. Dada yake mama, aliyepokea habari za kwanza, alisema aliambiwa kwamba sura hazikuonekana.

Uamuzi

Kwa dereva wa bodaboda, kilichobaki ni neno la mshtakiwa mwenzake na simu mbili zilizopigwa. Mawasiliano hayo yalilingana na maelezo kwamba aliuza simu, lakini yalilingana pia na dereva kumpigia mtu yeyote wa stendi kwa shughuli nyingine. Hakuna aliyemwona kichochoroni, hakukutwa na panga, fedha wala simu. Pengine dereva ni mmoja wa wanyang'anyi. Lakini neno pengine si ushahidi. Shtaka dhidi yake liliondolewa chini ya kifungu cha 98, kabla ya kesi kusikilizwa, hivyo akachiliwa huku mlango wa kushtakiwa tena ukibaki wazi endapo ushahidi mpya utapatikana.

Kwa mwenye kibanda, wakili alikuwa na simu iliyothibitishwa kuwa ya mama, iliyokutwa kwake siku 9 baada ya kuibwa. Je, hiyo inatosha kwa unyang'anyi wa kutumia silaha? Simu ni kitu kinachobadilisha mikono haraka. Katika siku 9 inaweza kupita kwa watu watatu. Kijana alitoa maelezo ya namna alivyoipata mara tu alipokamatwa, na mawasiliano ya siku iliyofuata tukio yaliyapa maelezo hayo uzito. Ni vigumu kuiambia mahakama kwamba hakuna maelezo mengine isipokuwa yeye alikuwa kichochoroni.

Lakini maelezo yake mwenyewe yalimfungulia mlango mwingine. Alinunua kwa shilingi 40,000 simu ambayo miezi mitatu tu nyuma iliuzwa dukani kwa 320,000. Hakupewa risiti, boksi wala chaja. Yeye si mgeni wa simu. Ndiyo biashara yake. Kosa la kupokea mali ya wizi chini ya kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu halihitaji kuthibitisha panga wala kichochoro. Linahitaji kuthibitisha kwamba mali iliibwa, kwamba mshtakiwa aliipokea, na kwamba alijua au alikuwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi. Vipengele vyote vitatu vilikuwa na ushahidi unaoweza kusimama bila maelezo ya onyo na bila gwaride. Hati ilibadilishwa, akashtakiwa kwa kosa hilo peke yake.

Wakili angeweza kuacha unyang'anyi kama shtaka la kwanza na kuweka kupokea mali ya wizi kama shtaka mbadala, ili mahakama ichague. Njia hiyo hutumika kihalali pale ushahidi unapoelekea pande mbili kwa nguvu zinazokaribiana. Lakini ina gharama isiyoonekana katika hati. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni miongoni mwa makosa ambayo kifungu cha 148 cha Sura ya 20 kinakataza dhamana. Maadamu shtaka hilo limo katika hati, hata kama mwendesha mashtaka mwenyewe haliamini, mshtakiwa hukaa gerezani mpaka kesi iishe. Adhabu yake pia ni kifungo kisichopungua miaka 30. Shtaka la kupokea mali ya wizi lina dhamana. Kwa hiyo kuchagua kosa katika hati ni kuamua pia kama mtu atasubiri kesi akiwa kwake au gerezani.

Mlalamikaji

Mama wa chipsi hakufurahi. Aliwekewa panga shingoni, na sasa kesi iliyobaki inahusu simu tu. Wakili alimweleza sababu: kesi ya unyang'anyi ikiendeshwa na kushindwa, washtakiwa wataachiwa huru, na siku panga au mwenzao wa tatu atakapopatikana haitawezekana kuwarudisha mahakamani kwa tukio hilo. Ikiondolewa mapema, jalada hubaki hai.

Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haifuti kilio chake. Walalamikaji wengi hujua kwamba shtaka limeondolewa pale wanapokwenda mahakamani na kukosa kesi yao kwenye orodha. Asiyeelezwa hudhani kuna rushwa, na kwa kuwa sababu hubaki ndani ya jalada hana njia ya kujua kama dhana yake ni ya haki. Mlalamikaji anaweza kuandika kwa ofisi ya mashtaka kuomba uamuzi uangaliwe tena. Kifungu cha 99 kinamruhusu pia hakimu kumpa mtu binafsi kibali cha kuendesha mashtaka, ingawa Mkurugenzi anaweza kuichukua kesi hiyo wakati wowote.

Makubaliano ya kukiri kosa

Tangu marekebisho ya mwaka 2019, shtaka linaweza pia kupunguzwa kwa makubaliano. Vifungu vya 194A na vinavyofuata vinamruhusu mwendesha mashtaka na mshtakiwa kukubaliana kwamba mshtakiwa atakiri kosa, au kosa dogo zaidi, ili mashtaka mengine yaondolewe. Makubaliano huandikwa na kusajiliwa mahakamani. Hakimu hashiriki katika majadiliano, lakini ni lazima ajiridhishe kwamba mshtakiwa amekubali kwa hiari na anaelewa haki anazoziacha. Makosa kama uhaini na ugaidi hayaingii katika utaratibu huu, wala makosa ya kujamiiana yanayohusu watoto.

Makubaliano hayachukui nafasi ya swali la kwanza. Mtu aliyekaa mahabusu kwa mwaka mmoja bila dhamana anaweza kukiri kosa dogo ili tu atoke, hata kama ushahidi dhidi yake usingesimama. Kwa sababu hiyo kesi dhaifu huondolewa. Kuiuza kwa bei nafuu ni kumfanya mshtakiwa alipe deni ambalo halijathibitishwa.

Dalili za kesi dhaifu

Kesi dhaifu huonyesha dalili kabla haijafika mahakamani. Maelezo ya shahidi hukua kila anapohojiwa: usiku wa tukio hakumtambua mtu, wiki mbili baadaye anamtaja kwa jina. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba kumtaja mtuhumiwa mapema ndiyo alama ya shahidi wa kuaminika. Dalili nyingine ni kielelezo chenye pengo katika safari yake: kilikamatwa na askari mmoja, kikaonekana mahakamani mikononi mwa mwingine, na hakuna karatasi inayoeleza nani alikitunza katikati. Dalili ya tatu ni jalada linalotegemea ungamo peke yake, bila kitu chochote nje ya kituo cha polisi kinachoungana nalo.

Dalili ya mwisho iko katika mwenendo wa kesi yenyewe. Kesi inayoahirishwa mara kwa mara kwa sababu upelelezi haujakamilika, ilhali mashahidi wote wanajulikana na kuishi mtaa mmoja, kwa kawaida haikosi muda. Inakosa ushahidi.

Mipaka na malalamiko

Uhuru wa mwendesha mashtaka una mipaka. Mahakama haiwezi kumlazimisha kushtaki, lakini mashahidi wake wakimaliza bila kugusa kipengele muhimu, hakimu humwachia huru mshtakiwa chini ya kifungu cha 230 kwa kuwa hana kesi ya kujibu.

Malalamiko makubwa zaidi yanahusu kifungu cha 91 na cha 98. Kwa kuwa shtaka lililoondolewa mapema linaweza kurudishwa, kumekuwa na washtakiwa walioachiliwa mahakamani na kukamatwa tena kabla hawajatoka kwenye uwanja wa mahakama, wakafunguliwa kesi mpya kwa jambo lilelile. Uwezo uliowekwa ili kesi dhaifu iondolewe kwa heshima ukitumiwa hivyo huwa njia ya kununua muda, na unagongana na agizo la Katiba la kuzuia matumizi mabaya ya taratibu.

Nchini Kenya, Ibara ya 157 ya Katiba ya mwaka 2010 ilichukua njia nyingine. Mkurugenzi wa Mashtaka wa huko hawezi kuondoa kesi bila ruhusa ya mahakama, na ikiondolewa baada ya upande wa mashtaka kufunga ushahidi wake, mshtakiwa huachiwa huru. Katika Tanzania Bara, uamuzi chini ya kifungu cha 91 hauhitaji ruhusa ya mahakama wala kutajwa sababu.